Jibu: Mtangazaji wa akili mnemba kwa biashara ya vifaranga

"Wakuu, nauza vifaranga vya sato hapa Mwanza. Nikitumia mtangazaji wa akili mnemba kwenye video, wateja wataniamini?"

Mkuu, mtangazaji huyo ni sura ya kompyuta inayosoma maandishi yako, na kwa maelezo yanayojirudia mtumie tu. Bei ikibadilika unarekebisha sentensi moja kwenye maandishi na kutoa video upya, bila kumwita mpiga picha.

Shida inaanzia mdomoni mwake. Ukitamka m, b au p, midomo lazima ifumbe kabisa, na Kiswahili kimejaa sauti hizo: kizimba, pampu, samaki. Itazame video ukiwa umezima sauti. Midomo ikibaki wazi hapo, mtazamaji atahisi kuna kitu hakipo sawa hata asipojua ni nini. Sauti, rekodi ya kwako uiweke badala ya ile ya mashine, walau matamshi yawe ya kwetu.

Ila mfugaji wa Igombe anayetaka kutoa hela yake anataka kuona vifaranga wakirukaruka kwenye wavu na mkono wa mtu ukiwashika. Sura ile ya kompyuta haijawahi kukanyaga ziwani, na matapeli nao wanazitumia za aina hiyo. Mpe mtangazaji huyo sekunde chache za utangulizi, andika wazi kwamba ametengenezwa kwa kompyuta, halafu kamera ihamie kizimbani. Habari ya kufidia vifaranga wanaofia njiani iseme wewe mwenyewe, kwa sura yako.