Kwa nini 'vitabu' na 'nyakati', lakini si 'vilo'?

Swali: Nafundisha Kiswahili sekondari. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba 'kitabu' ni 'ki' na 'tabu', eti kwa sababu kusoma ni tabu. Nikawaambia neno hilo ni la Kiarabu. Wakaniuliza: kama ni la Kiarabu, hiyo 'vi' ya 'vitabu' imetoka wapi? Na mbona hatusemi 'vilo' wala 'mziri'? Niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wamekosea asili ya neno lakini wamepatia umbo lake la leo. Hayo ni mambo mawili, na ukiyatenganisha darasani kazi itakuwa imekwisha nusu.

Tuanze na asili. Kwa Kiarabu neno ni kitab, na wingi wake ni kutub. Kinachobeba maana ya kuandika ni konsonanti tatu, k, t na b. Irabu ndizo zinazobadilika. Ndiyo maana tuna katibu na maktaba, maneno ya ukoo huohuo, na yote mawili yana k yake. Kwa Mwarabu, ukiondoa k umeliua neno. Tabu (au taabu) nayo ni ya Kiarabu, lakini imetoka kwenye mzizi mwingine wenye maana ya kuchoka, na mzizi huo hauna k kabisa. Tena Waturuki, Wahindi na Waindonesia nao walilichukua neno kitab kutoka Kiarabu, na kwao hakuna hadithi ya tabu. Hadithi ya namna hiyo, inayobuniwa baadaye ili neno lisiloeleweka lipate maana, ndiyo etimolojia ya watu. Inasimulika vizuri, lakini haisemi neno lilitoka wapi.

Sasa umbo. Mswahili aliyelisikia neno kitabu hakujua habari za k, t na b. Alichojua ni kisu, kiti na kikapu. Akasikia 'ki' mwanzoni mwa jina la kitu kimoja cha kushikika, akakata pale alipozoea kukata: ki- kiambishi, -tabu shina. Kukata huko ndiko wanaisimu wanakoita uchanganuzi upya. Sauti ya neno haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali pa mpaka, na mpaka hauonekani mpaka mtu atamke wingi. Siku aliposema vitabu, ndipo ukaonekana.

Wanafunzi wakitaka ushahidi zaidi ya wingi, wape neno kijitabu. Kikapu kidogo ni kijikapu: tunaondoa ki- ya ngeli, tunabaki na -kapu, kisha tunaweka kiji-. Kama kitabu kingekuwa bado ni neno zima lisilokatika, tungesema 'kijikitabu', na hakuna anayesema hivyo. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakimtegemei msomi. Mtoto wa chekechea anakipita bila kufundishwa. Hata majirani walilipokea neno likiwa limekatwa vivyo hivyo. Waganda wana ekitabo na ebitabo, Wanyarwanda wana igitabo na ibitabo. Hapo kwa Wanyarwanda angalia ile g: katika lugha yao kiambishi ki- hugeuka gi- kikifuatwa na sauti kama t, ndiyo maana mti ni igiti. K ya Kiarabu, iliyokuwa sehemu ya mzizi, imefuata sheria ya kiambishi cha Kibantu. Linganisha na Wahausa, ambao kwao kitabu ni littafi: wao walilipokea neno likiwa na kibainishi cha Kiarabu, al-, na ile l ikabaki imeganda mwanzoni. Neno moja, wasikilizaji wawili, visu viwili.

Mkato wa aina hii haukuishia kwenye ki-. Kiarabu kina wakt, lenye w ndani ya mzizi. Tukaongeza irabu, tukapata wakati, na wakati likaja kukaa jirani na wembe, wimbo na wavu, ambamo w ni ile u- ya umoja iliyokutana na irabu. Wembe wingi wake nyembe, basi wakati wingi wake nyakati. Kwa njia hiyohiyo waraka ukazaa nyaraka na wadhifa ukazaa nyadhifa. Waya, ambao ni wa Kiingereza, nao ukazaa nyaya. Hata cheti, neno lenye asili ya Kihindi kwa maana ya barua au karata yenye maandishi, limefuata chuo na cheo: vyeti. Na kipilefti, pale magari yanapozunguka, kimetokana na amri nzima ya Kiingereza iliyoandikwa kwenye kibao, inayomtaka dereva ashike kushoto. Mwanzo wake ulikuwa kitenzi, lakini sisi tulisikia ki-, na leo tuna vipilefti.

Hapa ndipo lile swali la 'mziri' linapopata uzito, maana linaonyesha kwamba sauti peke yake haitoshi. Maana ya kiambishi nayo lazima ikubaliane na kitu chenyewe. Waziri linaanza na wa-, lakini wa- kwa watu ni wingi, na neno hili lilitufikia likimtaja mtu mmoja mwenye cheo. Kiambishi kinasema wengi, mtu ni mmoja. Mkato ukashindikana, neno likabaki zima, na wingi ukaongezewa mbele: mawaziri. Wakili vivyo hivyo, mawakili. Sasa litazame mwalimu. Kiarabu ni muallim, mu- ikiwa mwanzoni, na mu- hiyo hata kwa Waarabu huunda jina la mtendaji. Sauti na maana zikakutana: mwalimu mmoja, walimu wengi, na shina -alimu likawa huru kiasi cha kuzaa ualimu. Madigadi ya gari ni mfano wa upande wa pili. Neno la Kiingereza ni la umoja, lakini gari moja huwa nayo zaidi ya moja, kwa hiyo ma- ya wingi ilikubalika, na kipande kimoja kikaitwa digadi.

Kilo nayo? Sauti ingeruhusu, lakini kilo haikuja peke yake. Ilikaa pamoja na mita, lita, maili na shilingi, vipimo ambavyo havibadiliki umbo vikihesabiwa. Kwa maoni yangu, ukoo wa maana ndio ulioizuia: mtu anayesema lita mbili na maili mbili atasema kilo mbili. Lakini kima, kwa maana ya kiwango, halikuwa na kizuizi hicho. Tunasema kima cha chini cha mshahara, na ile 'cha' inatuambia neno hilo la Kiarabu limeshaingia ngeli ya KI-VI. Wakati huohuo kima mnyama, ambaye ni Mbantu halisi, hakatwi: kima mmoja, kima wawili. Ki- yake ni sehemu ya shina tangu zamani.

Kwa hiyo ukirudi darasani, waandikie ubaoni kima mnyama na kima cha mshahara, uwaulize ni lipi kati ya hayo mawili ni la kigeni. Wengi watachagua yule mnyama, kwa sababu ndiye asiyefuata ngeli. Kisha waandikie kijitabu, uwaache wakitafute kilipo kile k cha Kiarabu.