Maswali na majibu: Fomu ya kazi inapouliza habari za mahakamani

*Fomu ya kiwanda cha samaki inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Mwaka 2019 nilikamatwa ziwani na wavu wa kokoro, nikalipa faini mahakamani, sikulala gerezani hata siku moja. Naomba kazi ya mapokezi ya samaki. Nijaze "Hapana"?* (Msomaji, Nansio)

Jaza "Ndiyo". Wengi wa pwani za ziwa letu hudhani kwamba aliyelipa faini hakupatwa na jambo, kwa sababu alirudi nyumbani jioni ileile, lakini faini ni adhabu kama kifungo kilivyo adhabu, na mahakama haitoi adhabu kabla ya kumtia mtu hatiani. Ulisomewa shtaka, ukakiri, hakimu akakutia hatiani kwa kukiri kwako, ndipo akataja kiasi cha fedha. Mwenzako ambaye siku hiyo hakuwa na fedha na akapelekwa gereza la Butimba alikwenda na hatia ileile uliyorudi nayo wewe Nansio.

Jibu lingebadilika kama shauri lako lingeishia ofisini kwa maofisa uvuvi, ukakiri kwa maandishi na kulipa ulichotozwa bila kufikishwa kwa hakimu. Hiyo huitwa kufifilisha kosa. Aliyefifilishiwa hakutiwa hatiani na mahakama, ingawa karatasi ya kukiri kwake ipo, na fomu ikiuliza kama amewahi kukiri kosa au kutozwa fedha kwa kuvunja sheria ya uvuvi, hawezi kusema hapana. Ndiyo maana nawasihi waombaji wasome kitenzi kilichotumika katika swali: kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu, na mtu anaweza kupita katika mawili ya kwanza asifike la tatu.

Chini ya neno "Ndiyo" fomu nyingi huacha mistari michache ya maelezo, na hapo ndipo waombaji wengi hujiharibia, ama kwa kuacha mistari wazi, ama kwa kuandika hadithi ndefu ya jinsi mwenye mtumbwi alivyowaponza. Ningekushauri uandike hivi: "Mwaka 2019 Mahakama ya Wilaya ilinitia hatiani, kwa kukiri kwangu, kwa kosa la kuvua kwa kokoro. Nilitozwa faini, nikailipa. Sijashtakiwa kwa kosa lingine tangu wakati huo. Nakala ya hukumu ipo." Msomaji wa fomu amepata mwaka, mahakama, jina la kosa, adhabu na hali yako ya baadaye, wala hana sababu ya kukupigia simu kuuliza kilichofichwa. Usiandike "kesi ndogo tu", kwa maana ukubwa wake ataupima yeye. Usiandike "nilisingiziwa" ikiwa ulikiri mbele ya hakimu, kwa sababu nakala ya hukumu itakusuta.

Nakala hiyo huombwa katika mahakama iliyosikiliza shauri, kwa barua kwa hakimu mfawidhi, ukitaja namba ya kesi, mwaka na majina yako kama yalivyoandikwa katika hati ya mashtaka, na kueleza kwamba unahitaji nakala iliyothibitishwa. Tafuta namba ya kesi katika karatasi zako za mahakamani kabla ya kufunga safari, kwa kuwa kumtafuta mtu kwa jina peke yake katika madaftari ya masjala kunaweza kukuchukulia siku nzima na bado ukarudi mikono mitupu.

Sasa jiandae kwa usaili. Nafasi unayoiomba inagusana na kosa lako kwa karibu, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kuulizwa. Sangara wana kipimo kinachoruhusiwa, na mtu wa mapokezi ndiye anayesimama na rula pale samaki wanaposhushwa, akikataa walio nje ya kipimo huku mleta samaki akimbembeleza, pengine akimkumbusha kwamba wametoka kisiwa kimoja. Mwajiri akisikia kokoro hatawaza gereza, atawaza kama utaweza kumkatalia mvuvi mwenzako. Jibu lako liende huko: kwamba unalijua kokoro kwa kulivuta, unajua jinsi linavyokomba samaki wachanga na mazalia, na kwamba uko tayari kupimwa kwa samaki utakaowapokea. Kama ungeomba kazi ya udereva, nisingekupotezea muda na maelezo haya.

Niliwahi kukaa katika meza ya usaili ambapo kijana mmoja alijaza "Hapana" kwa kosa la namna hii hii. Mmoja wa wasaili alikuwa ametoka kijiji cha jirani na chake, akamuuliza kwa upole habari za mtumbwi uliokamatwa. Kijana alinyamaza, kisha akaomba maji. Alikosa kazi, na kwa kumbukumbu zangu hakuna mtu mezani aliyeonekana kujali kokoro lenyewe.

*Nilishtakiwa kwa wizi wa mali ya mwajiri, nikakaa mahabusu miezi minne, halafu kesi ikaondolewa. Je, nalazimika kusema?* (Msomaji, Igoma)

Kwa swali la "umewahi kutiwa hatiani", jibu lako ni "Hapana", na ni jibu la kweli tupu. Kwa swali la "umewahi kushtakiwa", jibu ni "Ndiyo". Mahabusu si hatia, na Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba analo.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo wasaili wenye uzoefu huiuliza. Kuachiwa huru ni mahakama kuamua kwamba huna hatia, ama baada ya kusikiliza pande zote, ama baada ya kuona kwamba ushahidi wa mashtaka haukutosha hata wewe kuitwa kujitetea. Kuondolewa kwa shauri ni jambo jingine: Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea, nawe ukaachiliwa, lakini hilo peke yake halizuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Kwa hiyo usiandike "nilishinda kesi" ikiwa iliondolewa. Andika: "Nilishtakiwa kwa wizi, shauri liliondolewa mahakamani kabla sijaitwa kujitetea, sina kesi yoyote kwa sasa," ukiwa umehakikisha kwanza katika nakala ya amri ya mahakama kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nimekutana na watu walioapa kwamba waliachiwa huru, kumbe amri yao inasema vingine, na mwajiri aliyeisoma akawaona waongo ilhali walikuwa hawakuelewa tu kilichotamkwa siku ile.

Ukiulizwa mdomoni, usianze kumshambulia yule mwajiri wa zamani, hata kama alikuonea. Eleza shtaka lilikuwa nini, kazi yako pale ilikuwa ipi na shauri liliishaje, kisha nyamaza usubiri swali linalofuata.

*Nilijaza "Hapana" miaka miwili iliyopita ingawa niliwahi kufungwa miezi sita kwa kujeruhi. Sasa ofisi inataka kila mfanyakazi alete hati ya tabia njema. Nifanye nini?* (Msomaji, Kirumba)

Hati hiyo hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya alama zako za vidole kulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu. Yako makosa yanayoweza yasionekane humo, hasa kama vidole havikuchukuliwa kituoni, ila kwa mtu aliyetumikia kifungo nisingejenga tumaini hapo. Na hata kama hayataonekana, fomu ilikuuliza wewe unachokijua.

Nakushauri uwahi kabla majibu hayajarudi. Andika barua fupi kwa afisa rasilimali watu, useme kwamba katika fomu ya tarehe fulani ulijibu "Hapana", kwamba jibu sahihi ni "Ndiyo", utaje kosa, mwaka, adhabu na tarehe uliyotoka, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siwezi kukuahidi kwamba utasalimika. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinautaja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi, na mwajiri anaweza kukushtaki kinidhamu kwa jibu la uongo, hata kama kosa la zamani lenyewe asingelijali.

Kinachokulinda ni utaratibu. Kwa kuwa umepita miezi 6 kazini, Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, yaani akupe tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa na nafasi ya kusikilizwa ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Katika kikao hicho mambo yenye uzito ni kama kazi yako inahusiana na kosa lile, rekodi yako ya miaka hii miwili, na kwamba ulijisahihisha mwenyewe. Ukiachishwa na ukaona hukutendewa haki, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizipoteze kwa kuandika barua za kuomba huruma.

*Wanaweza kuninyima kazi kwa sababu ya kosa la zamani? Si ni ubaguzi?* (Msomaji, Buzuruga)

Wanaweza. Sheria hiyo hiyo ya Ajira na Uhusiano Kazini inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu, virusi vya UKIMWI na umri, lakini kutiwa hatiani hakumo katika orodha yake. Binafsi naona ni pengo, maana kosa la ujana linaweza kumfuata mtu hadi uzeeni, lakini siwezi kukutuma mahakamani na sheria ninayoitamani.

*Nilitoka gerezani kwa msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba. Hatia si imefutwa?* (Msomaji, Sengerema)

Ukipunguziwa au kusamehewa kifungo kilichobaki, kilichoondoka ni adhabu. Hatia hutenguliwa na mahakama ya juu kwa rufaa au mapitio. Jaza "Ndiyo", na katika maelezo uandike kwamba ulitoka kwa msamaha, ukiambatisha hati ya kuachiliwa uliyopewa gerezani.

*Mkopeshaji alinipeleka Mahakama ya Mwanzo kwa deni, nikaamriwa kulipa. Nalo niliandike?* (Msomaji, Igogo)

Hilo ni shauri la madai. Ikiwa fomu inauliza makosa ya jinai, jibu ni "Hapana", wala huna haja ya kulieleza. Ila kama unaomba kazi ya kushika fedha na swali linasema "kesi yoyote mahakamani", basi limo, nawe utaje kiasi ulichokwisha kulipa na kilichobaki.