Sauti ya simu inayomlaza mtoto na kisha kumwamsha

"Mwanangu ana miaka mitatu. Programu ya hadithi ninayotumia inamlaza vizuri, lakini haupiti muda anashtuka na kulia. Nihamie programu gani? Nipo Sakina, Arusha."

Ndugu yangu, kabla hujahama, keti karibu na mlango usiku mmoja au miwili usikilize kinachotoka kwenye simu hadithi inapokwisha. Programu nyingi za bure huweka tangazo baada ya hadithi, na tangazo huwa na sauti ya juu kuliko ya msimulizi aliyekuwa akizungumza polepole. Nyingine huanzisha zenyewe hadithi mpya yenye ngoma na vicheko. Kilio kikija sambamba na mabadiliko hayo, umeshaipata sababu.

Kwetu Moshi ilikuwa hivyo hivyo kwa binti yetu. Tulichagua programu inayoruhusu kupakua hadithi, tukawa tunazipakua mchana, na usiku tunaiweka simu katika hali ya ndege, hivyo matangazo ya mtandaoni hayana pa kupitia, wala hakuna anayepiga simu katikati ya usingizi. Hakikisha kwamba programu inacheza bila mtandao kabla hujailipia, kwa sababu si zote zinazofanya hivyo.

Mshtuko huo ulipokwisha, ulibaki mwingine, uliokuja baadaye chumba kikiwa kimya kabisa. Watoto wote huzinduka kidogo mara kadhaa kwa usiku, na yule aliyesinzia wimbo ukiimba huutafuta akizinduka, asipousikia hulia. Kwa hiyo sasa hadithi husikilizwa akiwa bado macho, taa ikiwa imepunguzwa, kisha hufuata wimbo mmoja wa kubembeleza unaokoma akiwa amelegea lakini hajalala bado, ili usingizi wenyewe umkute katika ukimya uleule atakaozinduka nao. Alilalamika mwanzoni, kisha akazoea. Kwenye iPhone, fungua Clock, kisha Timers, na katika When Timer Ends uchague Stop Playing. Sauti ya programu yoyote itakatika muda ukifika. Kwenye Android, VLC ina kipima muda chake kiitwacho Sleep timer, nasi tunaipenda zaidi kwa kuwa inacheza pia hadithi ambazo bibi yake alitusimulia tukazirekodi kwa simu.

Simu isikae kitandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulipima vifaa 14 vya sauti za kulaza watoto wachanga, na vikifunguliwa hadi mwisho vyote vilivuka desibeli 50 kwa umbali wa mita moja. Sisi huiweka upande wa pili wa chumba, mita mbili hivi, kwa sauti ndogo inayofunikwa na mazungumzo ya kawaida.

Ukifanya hayo yote na bado anaamka akilia, hasa kama anakoroma au anavuta sikio, mpeleke kwa daktari akamtazame koo na masikio.