Anza na shingo ya pikipiki, injini baadaye

Swali la wiki: "Nimejichanga ninunue Boxer iliyotumika niendeshe mwenyewe bodaboda hapa Morogoro. Fundi wangu anaijua injini vizuri. Mbali na injini, kuna kitu gani kingine cha kukagua kabla sijatoa pesa?"

Ndugu yangu, kipo, tena kinatakiwa kitangulie hata kabla ya kumwita fundi. Injini ikiwa mbovu, utaingia gharama na itapona. Pikipiki ikiwa ya mtu mwingine, hakuna fundi wa kukusaidia: mwenyewe akijitokeza na kadi yake, polisi wanaichukua, na wewe unabaki kumtafuta aliyekuuzia, ambaye simu yake haipatikani. Tena unaweza kujikuta unaandika maelezo kituoni, kwa sababu kupokea mali ya wizi nako ni kosa.

Mwambie muuzaji akuletee kadi halisi. Usikubali kopi wala picha ya kwenye simu. Bodaboda nyingi mitaani kwetu ziko kwenye mkataba au mkopo. Kijana anakabidhiwa pikipiki, anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na kadi inakaa kwa tajiri au kwa waliomkopesha mpaka amalize. Akikwama katikati, wengine huamua kuiuza kimyakimya. Ukisikia "kadi iko kwa bosi, amesafiri" au "ilipotea, nina kopi", simama hapo hapo. Kama kweli imepotea, mwenye jina lililo kwenye kadi akatoe taarifa polisi, kisha aombe nyingine TRA kwa gharama yake, na wewe umsubiri. Kama iko kwenye mkopo, nendeni wote kwa mkopeshaji. Deni lililobaki lilipwe pale pale kutoka kwenye pesa yako, kadi itoke mkononi mwake pamoja na barua ya kumaliza deni.

Kadi ikishafika, nenda nayo kwenye chuma chenyewe. Namba ya chesisi ya Boxer imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita, upande wa kulia. Mara nyingi imefunikwa na vumbi na grisi, kwa hiyo beba kitambaa na petroli kidogo, usugue mpaka herufi zionekane. Zinatakiwa ziwe 17. Za Bajaj zinaanza na MD2, za TVS zinaanza na MD6. Katika namba hiyo hakuna herufi I, O wala Q, kwa hiyo kinachofanana na O ni sifuri. Soma moja moja huku mwenzako akiwa ameshika kadi.

Kisha weka karatasi nyembamba juu ya namba, upitishe penseli kwa ulalo mpaka namba ijitokeze. Hapo ndipo macho hugundua yasichokiona kwenye chuma: herufi moja iliyozama kuliko wenzake, mstari uliopinda, au mikwaruzo ya msasa chini ya namba. Angalia na rangi. Shingo ikiwa na rangi mpya inayong'aa wakati fremu nyingine imechubuka, uliza kwa nini, na kama jibu halieleweki, ondoka. Namba ya injini nayo iko kwenye bloku la chini upande wa kushoto, karibu na gia. Injini hubadilishwa kihalali, lakini ikibadilishwa kadi inatakiwa irekebishwe. Zisipolingana, kazi hiyo aifanye muuzaji, si wewe.

Kadi na chuma vikikubaliana, peleka namba hizo ofisi ya TRA ukahakikishe jina la mmiliki, halafu ingiza namba ya pikipiki kwenye tms.tpf.go.tz uone faini za barabarani zinazodaiwa. Zikiwepo, mwenyewe alipe kwanza au zikatwe kwenye bei.

Sasa jina. Mwenye jina la kwenye kadi ndiye anayeuza, na kitambulisho chake cha NIDA kifanane na kadi. Wengi huuza pikipiki waliyonunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na kadi bado ina jina la wa kwanza. Hapo mtafute huyo wa kwanza asaini, au kila aliyeuza awe na mkataba unaomfikia wa mwisho. Kama mmiliki alifariki, mwana peke yake hana mamlaka ya kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama.

Hapo ndipo mwite fundi wako. Mimi nitagusa machache tu ambayo mafundi wa injini huyapita. Mfike injini ikiwa baridi. Gusa bloku kwa mkono: kama ni la moto, kuna mtu ameshaiamsha ili isikusumbue mbele yako. Subiri ipoe. Moshi wa bluu unaotoka mwanzoni kisha ukaisha mara nyingi ni sili za valvu. Ukizidi kila unapovuta mafuta, ni ringi na pistoni. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi, waya wake huchomolewa. Tazama mpira wa kukanyagia na wa kiki: ukiwa umeisha kabisa wakati dashibodi inasema kilomita 9,000, dashibodi inadanganya. Mwisho, inama chini ya keria utafute weldingi kwenye fremu ya nyuma, maana magunia ya mkaa huvunja pale.

Nikupe mfano wa bei. Kijana wa jirani yangu alitajiwa 1,900,000. Karatasi zilikuwa safi. Fundi akaandika: cheni na sproketi 45,000, tairi la nyuma 70,000, sili za shokapu za mbele na oili yake 25,000, ringi, pistoni na ufundi 130,000. Jumla 270,000, kwa bei za maduka ya spea ya siku ile. Alimwonyesha muuzaji ile karatasi, hakumwambia "punguza" tu. Alianzia 1,630,000 wakakutana 1,700,000. Kabla ya hapo alikuwa amepita dukani kuulizia mpya na kwenye vijiwe viwili kuuliza za umri ule zinakwendaje. Ndiyo maana aliikataa nyingine ya 1,100,000 bila kuihangaikia, kwa kuwa pikipiki nzima haiuzwi karibu nusu ya bei ya wenzake bila sababu, na muuzaji wake alikuwa na kopi ya kadi tu.

Usitoe kishika uchumba kabla ya kuona kadi halisi. Siku ya kulipa, andikeni mkataba mbele ya wakili au ofisi ya serikali ya mtaa, wenye namba zote mbili, picha na sahihi za mashahidi. Pesa ipite benki au simu, kwenda kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Baki na sehemu ya malipo mpaka umiliki uhamie kwako TRA, na hilo liandikwe ndani ya mkataba. Nyote wawili mnahitaji TIN, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, yaani 17,000 kwa pikipiki ile ya 1,700,000, pamoja na ada za kuhamisha na kadi mpya. Kubalianeni mapema nani anazilipa. Muuzaji akikuambia "utabadilisha jina baadaye mwenyewe", mwambie pesa iliyobaki itakuja siku hiyo hiyo ya baadaye.