Taulo zinachakaa kwenye mashine ya kukausha: zipime kwa mizani

"Nina vyumba vya wageni Bamburi. Tangu mvua za Aprili nakausha kwa mashine, na sasa taulo zimekuwa nyepesi, fulana za pamba zimerudi, na kichungi kinajaa manyoya kila raundi. Mashine ni mbovu, ama ni nguo?"

Dada, mimi nimefanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja huku Nyali miaka 11, na taulo zilizoharibikia mikononi mwangu ni nyingi. Kwa unavyoeleza, nadhani mashine yako ni nzima. Shida ni kwamba unakausha kupita kiasi.

Chukua mizani ya jikoni. Mimi nilichukua taulo moja iliyokuwa imekaa kabatini, ikanipa gramu 520. Nikaifua, nikaikausha na wenzake hadi saa ya mashine ikaisha yenyewe. Ilipotoka ilikuwa na gramu 484, moto na ngumu kidogo kwenye pindo. Nikaitundika ndani usiku kucha, si juani. Asubuhi ilikuwa 520 tena. Pamba huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa unyevu wake unaujua. Zile gramu 36 mashine ilizitoa kwa umeme, hewa ikazirudisha bure.

Na dakika hizo za mwisho ndizo zinazokula taulo. Nguo ikiwa bado na maji, joto la mashine huishia kwenye kugeuza maji kuwa mvuke, kwa hiyo nguo yenyewe haipati moto sana. Maji yakiisha, joto lote linaingia kwenye kitambaa. Tena pamba ni kinyume cha vitu vingi: ikiwa na maji nyuzi zake huwa na nguvu zaidi kuliko zikiwa kavu. Ikikauka kabisa huwa kama nyasi za kiangazi, na hapo ndipo unaendelea kuibwaga juu chini ndani ya ngoma. Nyuzi zinakatika vipande vifupi, upepo unavipeleka kwenye kichungi.

Tandaza manyoya hayo kidogo juu ya kitambaa cheusi uyavute kwa vidole. Mengine yalilegea tangu kwenye kufua na mashine imeyapeperusha tu, hayo hayaepukiki. Lakini safisha kichungi mara taulo zinapokaribia kukauka, kisha ziache zizunguke dakika 20 zaidi. Utakayoyakuta safari ya pili ni vipande vifupi mno, karibu unga, vyenye rangi ya taulo zako. Huo ndio wepesi unaoulalamikia, na haurudi.

Kwa hiyo simamisha mashine mapema. Taulo yangu ya gramu 520 naitoa ikiwa na kama 540. Ukishika pindo unahisi ubaridi, katikati pako sawa. Naitundika kivulini nusu saa, inajimaliza. Usiikunje kabla, itanuka uvundo.

Fulana ni habari nyingine kidogo. Kitambaa cha kufuma huvutwa kiwandani kinapofumwa na kunyooshwa, na vitanzi vyake hubaki vimevutika. Maji yanavilegeza, na kule kutikiswa kwenye ngoma kunavipa nafasi ya kurudi kwenye umbo lake: fulana inakuwa fupi na pana. Yangu ilikuwa sentimita 72 kutoka begani, raundi ya kwanza ikatoka 68, na baada ya raundi nne tano ikatulia kwenye 67. Pacha yake niliyoianika kwenye kamba ilibaki na 70 na nusu. Kupunguza moto peke yake hakutoshi, maana kutikiswa kunafanya kazi kubwa. Zako zilizokwisha kurudi, zilowanishe, zivute kwa urefu zikiwa mbichi, uzianike zikiwa zimelala. Utapata sentimita moja au mbili, si zote.

Mgeni akikupa sweta ya sufu, usiiingize humo hata kwa moto mdogo. Unywele wa sufu una magamba yanayoelekea upande mmoja. Ukiutikisa ukiwa na maji, nyuzi husogea na kunasana zisiachane tena. Dalili ni kwamba huoni tena macho ya ufumaji, sweta imekuwa kama blanketi nene. Hakuna dawa yake.

Jezi na mashuka ya poliesta hayanyonyi maji mengi, kwa hiyo hukauka mapema sana na hayarudi kwa urahisi. Kosa ni kuyachanganya na taulo. Yanakaa kwenye moto yakisubiri taulo, na ukiyaacha yapoe yakiwa yamerundikana, mikunjo inashika. Vidonge vidogo vya nyuzi vinavyojisokota juu yake havidondoki kama vya pamba, kwa sababu uzi wa poliesta ni mgumu kukatika na unavishikilia hapo hapo. Kausha peke yake, moto mdogo, na uyatoe yakiwa bado na joto.