Mwaka 500 H ni mwaka gani BK?

*Mwalimu, kitabu kimoja kinasema maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya "500 H", kingine "1107 BK". Nikijumlisha 500 na 622 napata 1122. Nani kakosea? Na BK ikae mbele ya mwaka au nyuma?*

Vitabu vyote viwili viko sawa. Kilichokosewa ni hesabu ya kujumlisha tu. Miaka ya Hijria huhesabiwa tangu mwaka 622, lakini mwaka wake hufuata mwezi mwandamo na una siku 354 au 355. Kila mwaka, basi, unapungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua, na miaka 33 ya Hijria ni karibu miaka 32 ya jua. Kwa hiyo gawanya kwanza mwaka wa Hijria kwa 33, uondoe jibu lake, ndipo ujumlishe 622. Hapa 500 ukigawanya kwa 33 unapata 15. Toa 15, inabaki 485; ongeza 622, unapata 1107.

Njia hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria aghalabu huingia katika miaka miwili ya jua. Mwaka 500 H ulianza mwanzoni mwa Septemba 1106 ukaisha Agosti 1107. Kinachoamua ni mwezi. Maandishi ya Kizimkazi, yaliyochongwa kwa hati ya Kikufi, yanataja Dhulkaada, yaani Mfungo Pili wetu, mwezi wa 11. Hesabu miezi kumi kutoka Septemba, unafika mwishoni mwa Juni 1107. Yangetaja Muharamu, tungeandika 1106. Mwezi usipojulikana, andika 1106/07, usichague mmoja kwa kubahatisha.

Kuhusu ufupisho, BK na KK hukaa nyuma ya mwaka: 1107 BK, 300 KK. Wanaoandika "BK 1107" wanafuata AD, ambayo kwa Kilatini hutangulia mwaka kwa kuwa maana yake ni "katika mwaka wa Bwana". Kwetu tunasema "mwaka 1107 baada ya Kristo", na ufupisho ufuate usemi huo. Tena "baada ya Kristo" ni tangu kuzaliwa kwake, si tangu kufa. Nimewahi kusahihisha insha ambayo mwandishi aliongeza miaka 33 kwa kudhani vingine.

Kwa Hijria, mimi hupendelea H peke yake. Wapo wanaoandika BH wakikusudia "baada ya Hijra", lakini katika vitabu vya Kiingereza herufi hizo hizo ni za miaka iliyotangulia Hijra, na msomaji wa lugha zote mbili atapotea. Ukitaka kutaja kalenda zote mbili, anza na ile iliyo kwenye maandishi yenyewe: 500 H (1107 BK).