Hanamu zinalingana, lakini ghala ni fupi

Wadogo zangu mnaoanza kuseti majengo kwa risiva ya GNSS hapa Dodoma, kuna kosa ambalo hanamu haitawaonyesha. Mimi nililigundua siku kenchi za chuma zilipofika saiti na kukataa kukaa kwenye boliti.

Lilikuwa ghala la mita 80 kwa 40. Nilisimamisha besi juu ya bikoni, nikahakiki bikoni ya pili, tofauti ikawa sentimita 1. Rova ikaandika `FIXED`, nikapigilia vigingi vinne kwa kufuata orodha ya koodineti. Nikavuta tepu: hanamu zote mbili 89.39. Nikafurahi, nikafunga vifaa. Mchoro ulitaka 89.44, ila mimi nilizilinganisha hanamu zenyewe kwa zenyewe tu.

Tatizo ni mahali tulipo. Dodoma mjini iko kanda ya 36 ya UTM, ambayo mstari wake wa kati ni nyuzi 33 mashariki. Sisi tuko karibu na nyuzi 35.7, ukingoni mwa kanda. Ndiyo maana koodineti zetu za mashariki ni 800,000 na ushee. Ukikuta 139,000 hivi, aliyeandaa orodha ametumia kanda ya 37. Huku ukingoni gridi hurefusha umbali, na kimo chetu cha mita 1,120 hivi hupunguza kidogo tu urefu huo:

```
gridi: 0.9996 × (1 + 303² / (2 × 6371²)) = 1.00073
kimo:  1 − 1.12 / 6371 = 0.99982
jumla: 1.00073 × 0.99982 = 1.00055
```

Hiyo 303 ni kilomita kutoka mstari wa kati. Kwa hiyo mita 100 za kwenye orodha, ukizipima ardhini kwa tepu, ni 99.945. Aliyechora ghala aliandika mita 80 halisi, akaziweka kwenye gridi bila kuzirefusha, nami nikazishusha chini zikawa 79.956. Pande zote zilipungua kwa uwiano uleule, basi pembe zikabaki mraba na hanamu zikabaki sawa. Sentimita 4 na zaidi si makosa ya kawaida ya rova, ambayo hucheza kwenye sentimita 1 au 2.

Siku hizi nikipewa orodha, kwanza namuuliza mchoraji kama vipimo vyake ni vya gridi au vya ardhini. Vikiwa vya ardhini, nashika kona moja, kisha tofauti ya kila nukta kutoka kona hiyo nazidisha kwa 1.00055 na kuhifadhi orodha mpya kwa jina lingine. Nikishapiga vigingi, navuta tepu upande mrefu na kusoma dhidi ya mchoro kabla fundi hajachimba.

Lakini msikuze kila kitu. Mipaka ya viwanja na barabara zilizosanifiwa kwenye gridi ziacheni kwenye gridi, maana mkizikuza hazitakutana na bikoni za jirani.